Mwalimu, si Itakuwa Ameshapona?

Wanachuo wenzangu wa ualimu mnajua, fildi ndiyo mahali mtu anapogundua kwamba kuna mambo aliyafaulu bila kuyaelewa. Mimi yangu niliyagundua mkoani Geita, kwenye sekondari moja ya kata, nikifundisha Kiingereza kidato cha tatu. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Shinyanga, kwa hiyo mazingira hayakunishinda. Ukiingia darasani asubuhi unapigwa "mwangaluka" na unaitikia bila shida. Kilichonishinda ni sentensi moja ya maneno manne.

Mada ilikuwa kauli taarifa, yaani kugeuza maneno ya msemaji yawe habari ya mtu anayeyasimulia. Nilitoa jaribio la sentensi kumi na ya kwanza ilikuwa hii: Juma said, "I am sick today." Jibu nililokuwa nalo kwenye karatasi yangu ni "Juma said that he was sick that day." Nilikusanya madaftari, nikakaa nayo usiku, na zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameandika "Juma said that he is sick today." Nikapiga mkasi mwekundu mpaka kalamu ikachoka.

Kesho yake nikarudisha madaftari na kuandika ubaoni kanuni kama nilivyofundishwa: kitenzi cha kutaarifu kikiwa katika wakati uliopita, kitenzi kinachofuata nacho kirudishwe nyuma hatua moja. "Is" inakuwa "was", "will" inakuwa "would", "has come" inakuwa "had come". Halafu maneno ya wakati: "today" inakuwa "that day", "tomorrow" inakuwa "the next day", "yesterday" inakuwa "the day before". Nikauliza kama kuna swali. Binti mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nikiandika 'was', si itakuwa ameshapona?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo kanuni, andika hivyo." Akakaa, akafuta "is" akaandika "was", na uso wake ulionyesha wazi kwamba ameandika kitu asichokiamini. Usiku ule ndio nikaanza kulifikiria swali lake, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyoona kwamba yule binti alikuwa anajua Kiswahili vizuri kuliko nilivyokuwa najua kukifundishia Kiingereza.

Hebu tulichukue swali lake kwa utaratibu. Kwa Kiswahili, Juma akisema "Ninaumwa", mimi nitakupa habari hiyo kwa kusema "Juma alisema anaumwa." Ona kilichobadilika: "ni-" ya nafsi ya kwanza imekuwa "a-" ya nafsi ya tatu, basi. Ile "-na-" ya wakati imebaki, japo nimesema "alisema". Hakuna Mswahili atakayekushangaa. Hii ni kwa sababu katika Kiswahili, wakati wa kitenzi cha pili unahesabiwa kuanzia pale Juma alipofungua mdomo. Alipokuwa anasema, kuumwa kulikuwa kunaendelea, kwa hiyo "anaumwa".

Sasa ingiza "alikuwa". "Juma alisema alikuwa anaumwa." Hapa msikilizaji anapata habari nyingine kabisa. Anaelewa kwamba wakati Juma anasema, ugonjwa ulikuwa umeshapita: labda alikuwa anaeleza kwa nini wiki iliyotangulia hakuja shuleni. Kwa hiyo binti wa viti vya nyuma aliposikia "was", aliitafsiri kichwani kuwa "alikuwa", na "alikuwa" ikamwambia kwamba Juma ameshapona. Mwalimu anamlazimisha aandike uongo, tena kwa kalamu ya bluu.

Kiingereza kinahesabu kutoka mahali pengine. Kwa kawaida chenyewe hakianzii kwenye mdomo wa Juma, kinaanzia kwenye kiti cha anayesimulia. Mimi ninayesimulia nimekaa leo, na yale maneno ya Juma yako nyuma yangu. Kuumwa kulikokuwa kunaendelea wakati wa maneno yale nako kuko nyuma yangu, pamoja na maneno yenyewe. Ndiyo maana "was". Haimaanishi amepona, wala haimaanishi bado anaumwa. Inasema tu kwamba hali ile ilikuwapo wakati wa maneno yale, na mimi nasimama mbele yake kwa wakati.

Na ile habari nyingine, ya ugonjwa uliokuwa umeshapita wakati Juma anasema? Kiingereza kinayo, ila kinarudi nyuma hatua moja zaidi: "Juma said that he had been sick." Kwa hiyo ukitaka kumsaidia mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili, usimpe jedwali la "is" na "was" kwanza. Mpe jozi tatu. "Alisema anaumwa" ni "said he was sick". "Alisema alikuwa anaumwa" ni "said he had been sick". "Alisema atakuja" ni "said he would come". Akiziona hizo tatu zimepangwa pamoja, anaona mwenyewe kwamba hakuna maana iliyopotea. Kila alichokuwa anakitofautisha kwa Kiswahili bado kinatofautishwa, ila kila kimoja kimesogea hatua moja nyuma.

Hapo nilikuwa nimelijibu nusu ya jaribio. Ilibaki "today".

Mwanzoni nilidhani kosa la "today" ni lilelile la "is", kwamba vyote viwili vinatoka kwenye Kiswahili. Kumbe sivyo. Kiswahili kinahamisha maneno ya wakati kila siku na hatujali kwa sababu tumezoea. Bibi anapokusimulia safari yake ya zamani ya kwenda Kahama hasemi "Tulilala stendi, kesho tukapanda gari." Anasema "kesho yake tukapanda gari." Ile "yake" ndiyo kazi yote ya "the next day". "Yake" ya nini? Ya siku ile inayosimuliwa. Tunayo "jana yake", tunayo "siku ile", tunayo "siku iliyofuata". Hata hapo juu nilipoandika kwamba nilirudisha madaftari, nimeandika "kesho yake", na wewe msomaji hukusimama kujiuliza.

Tena kwenye somo la Kiswahili lenyewe, kauli taarifa hufundishwa kwa kubadili "Nitakuja kesho" kuwa "Alisema kwamba angekuja siku iliyofuata." Ile "-nge-" inafanya kazi jirani kabisa na "would". Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "said that he will come tomorrow" amekosea mambo mawili yenye asili mbili. "Will" ameiacha kwa sababu mazungumzo yake ya kila siku yanaruhusu "alisema atakuja". Lakini "tomorrow" ameiacha kwa sababu hakuna aliyemkumbusha kwamba anayo "kesho yake" mfukoni. Kosa la kwanza linahitaji maelezo. La pili linahitaji kukumbushwa tu.

Mnaweza kusema haya ni mambo ya mtihani. Na mimi nilidhani hivyo mpaka nilipoenda kumtembelea mjomba wangu wikiendi moja. Mjomba anahudumia pampu za maji kwenye mgodi mmoja wa ukanda huu wa dhahabu. Nilipomwambia nafundisha nini akacheka, akanisimulia kisa cha daftari lao la zamu. Daftari hilo linaandikwa kwa Kiingereza. Anayemaliza zamu anaandika yaliyotokea, anayeingia anasoma. Siku moja ya Jumatano, mjomba aliingia saa 12 asubuhi akakuta mwenzake wa usiku ameandika: "Supervisor said that the pump will be repaired tomorrow."

Tulia uisome sentensi hiyo kama mjomba alivyoisoma. Kesho ya nani? Msimamizi alisema maneno yale Jumanne saa mbili usiku, kwa hiyo kesho yake yeye ilikuwa Jumatano. Mwandishi aliyaandika baada ya saa sita usiku, na kwa kalenda ilikuwa imeshakuwa Jumatano, kwa hiyo kesho ya mwandishi inaweza kuwa Alhamisi. Msomaji anasoma Jumatano asubuhi, na kesho yake yeye ni Alhamisi bila ubishi. Mjomba akaelewa Alhamisi. Akawasha pampu akaendelea na kazi. Mafundi wakaja Jumatano hiyohiyo, wakakuta pampu inafanya kazi, hakuna kilichoandaliwa, wakaenda kwenye kazi nyingine. Usiku ule pampu ikagoma, maji yakaanza kupanda, na watu wa zamu wakatolewa juu. Hakuna aliyeumia, ila zamu nzima ilipotea na mjomba akaandikiwa barua ya kujieleza.

Nilimuuliza: je, kama yule mwenzake angeandika kwa kanuni ya darasani, "said that the pump would be repaired the next day", ingesaidia? Tukakaa tukaichambua. Ingesaidia kiasi. "The next day" inamwambia msomaji ahesabu kutoka siku ya maneno ya msimamizi, asihesabu kutoka siku anayosoma. Lakini kama daftari halisemi msimamizi alisema lini, bado una tatizo. Mjomba akasema neno ambalo sijaliona kwenye kitabu changu cha sarufi: "Si angeandika Wednesday tu?" Ni kweli. Jina la siku halihami. Jumatano ni Jumatano kwa aliyesema, kwa aliyeandika na kwa anayesoma. "Today", "tomorrow" na "yesterday" yanahama kwa sababu yamefungwa kwenye mtu aliyesimama mahali fulani kwa wakati, na mtu akibadilika nayo yanabadilika.

Hilo likanionyesha pia ubovu wa jedwali nililoliandika ubaoni. Jedwali linasema "tomorrow" inakuwa "the next day", nukta. Sasa fikiria dereva wa basi pale stendi ya Shinyanga. Jumatatu jioni anawaambia abiria: "The bus is full. We will leave tomorrow."

Wewe ukimpigia simu ndugu yako Jumatatu hiyohiyo usiku, unaweza kusema "The driver said that we will leave tomorrow," na Kiingereza chako ni safi. Kesho ya dereva bado ni kesho yako, na safari bado haijafika. Ukitumia "would" pia uko sawa. Kwa hiyo yule mwanafunzi aliyeacha "will" na "tomorrow" angekuwa sahihi kabisa kama angekuwa anasimulia siku ileile.

Ukisimulia Jumanne asubuhi ukiwa stendi na mizigo yako, utasema "The driver said that we would leave today." Umeona? "Tomorrow" imegeuka "today"! Hakuna jedwali la shuleni linaloonyesha hivyo, lakini ndivyo ilivyo, kwa sababu ile siku ya safari sasa ndiyo unayoishi.

Ukisimulia Jumatano, basi bado halijaondoka na umekasirika, utasema "The driver said that we would leave yesterday." Na ukisimulia mwezi mmoja baadaye, ndipo jedwali linapofanya kazi: "The driver said that the bus was full and that we would leave the next day." Maneno ya dereva ni yaleyale, masimulizi yako manne, na kila moja ni sahihi kwenye siku yake.

Basi mtihani unataka lipi? Swali la mtihani linakuja bila tarehe. Linasema tu geuza sentensi hizi ziwe kauli taarifa. Pasipo tarehe, desturi ni kuchukulia kwamba muda umepita na anayesimulia hayupo tena kwenye siku ile, kwa hiyo hamisha vyote: kitenzi, neno la wakati, na neno la mahali kama lipo. "Here" iwe "there", "this" iwe "that". Mwanafunzi akijua kwamba mtihani unamweka mbali na msemaji, anaelewa kwa nini anahamisha. Asipojua, anahamisha kwa woga, na kesho yake anahamisha nusu: "said that he would come tomorrow", au "said that he will come the next day". Sentensi hizi mbili za nusunusu ndizo zilizokuwa nyingi kwenye madaftari yangu ya jaribio la pili. Ya kwanza inaweza kuwa sahihi mahali fulani, ukisimulia siku ileile. Ya pili ni ngumu kuitetea, maana kitenzi kinasema safari bado iko mbele yangu, na neno la wakati linasema niko mbali na siku ile.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wanafunzi waliniuliza, nalo ni la mambo yasiyobadilika. Mwalimu wa jiografia akisema "The earth goes round the sun", je, nasi tuandike "went"? Vitabu vinaruhusu kuacha "goes", kwa sababu jambo ni kweli wakati wa kusema na ni kweli wakati wa kusimulia. "Went" nayo si kosa. Lakini tahadhari: swali ni kama jambo ni kweli bado, na hilo halijibiwi na sarufi. Linajibiwa na dunia.

Niliwapa mfano wa kwetu. Chukulia mwalimu alisema darasani mwaka 2010: "Bukombe is in Shinyanga Region." Siku ile alikuwa sahihi. Mwaka 2012 mkoa wa Geita ukaanzishwa, ukapewa wilaya kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga, na Bukombe ikaenda Geita. Leo ukiandika "The teacher said that Bukombe is in Shinyanga Region," msomaji ataelewa kwamba hata wewe unaamini iko Shinyanga. Ukiandika "was", umemlinda mwalimu na umejilinda mwenyewe: umetoa maneno yake kama yalivyokuwa siku ile, bila kuyawekea dhamana ya leo. Hapo ndipo darasa lilipotulia. Mtoto mmoja wa Ushirombo, ambako ndiko makao ya wilaya yenyewe, akasema, "Kwa hiyo 'was' ni kama kusema hayo ni yake, mimi simo." Nikamwambia hajakosea sana, ila asiende nayo mbali. "Was" haikatai jambo. Inaliacha kwenye siku yake tu.

Ninyi mnaokwenda fildi mwaka huu na somo la Kiingereza, nawaachia namna niliyomalizia nayo kusahihisha. Niliacha kupiga mkasi kwanza. Pembeni ya "said that he is sick today" nilianza kuandika swali moja: "Unasimulia lini?" Mwanafunzi akijibu "leo hiihii", sentensi yake nzima inasimama, nami namwambia mtihani haumpi "leo" hiyo. Akijibu "wiki ijayo", yeye mwenyewe anaona "today" imeanguka, na ikishaanguka "today" ni rahisi kumwonyesha kwamba "is" nayo inafuata. Kuanzia kwenye neno la wakati ni rahisi kuliko kuanzia kwenye kitenzi, kwa sababu neno la wakati tayari analihamisha kwa Kiswahili, na kitenzi hajazoea kukihamisha.

Binti wa viti vya nyuma nilimrudia wiki moja baadaye. Nilimwambia mbele ya darasa kwamba swali lake lilikuwa la haki na mimi nilimjibu vibaya. Nikaandika ubaoni zile jozi tatu, "anaumwa", "alikuwa anaumwa", "atakuja", na Kiingereza chake pembeni. Akaziangalia, akauliza, "Kwa hiyo Juma akiwa ameshapona ndiyo naandika 'had been'?" Nikamwambia, akiwa ameshapona wakati anasema, ndiyo. Akiwa amepona baada ya kusema, hapana, bado ni "was", na itabidi uongeze sentensi nyingine ya kutuambia kwamba amepona.

Akafungua daftari akaandika sentensi mbili. "Juma said that he was sick that day. Now he is well." Nikampa vyema.